Ualimu bila kilemba cha ukoka: muhtasari wa wasifu kwa anayehamia usimamizi wa miradi

Juu kabisa ya wasifu wa kuombea kazi, chini ya jina na namba ya simu, huwa kuna aya fupi ya mistari minne au mitano. Ndiyo muhtasari. Kwa mtu anayeomba kazi ileile aliyokuwa akiifanya, aya hiyo haina mambo mengi: cheo, miaka, alichobobea, basi. Kwa mwalimu anayetaka kuwa mratibu wa miradi, aya hiyo ndiyo inayoamua kama msomaji atashuka chini kusoma yaliyobaki au ataona neno "mwalimu" na kuweka karatasi pembeni.

Hapo ndipo walimu wengi hupotea, na hupotea kwa njia mbili. Wapo wanaoubadilisha ualimu jina: wanafunzi wanakuwa "wadau", kipindi kinakuwa "mradi", darasa linakuwa "timu". Wapo wengine wanaoingia kwa kuomba radhi, wakisema hawana uzoefu ila wana hamu ya kujifunza. Mimi nilifundisha kabla ya kuhama, na sasa hukaa na wenzangu kuchuja maombi. Aina zote mbili nazifahamu vizuri kwa sababu niliwahi kuziandika zote mbili.

Mwalimu mmoja wa kemia, mwenye miaka 9 kazini, aliniletea rasimu yake ya kwanza. Ilisema hivi:

"Meneja wa miradi mwenye uzoefu wa miaka 9 wa kuongoza timu za watu zaidi ya 200, kusimamia wadau wa ngazi zote na kukamilisha miradi 40 kwa mwaka kwa wakati na ndani ya bajeti. Mahiri katika mawasiliano, uongozi, utatuzi wa matatizo na kufanya kazi chini ya shinikizo."

Nilimuuliza watu 200 ni akina nani. Ni wanafunzi wa madarasa yake matano. Miradi 40? Ni wiki 40 za azimio la kazi. Bajeti? Akacheka. Hakuwahi kushika bajeti yoyote, isipokuwa kuandika orodha ya vifaa vya maabara na kumpelekea mtu mwingine aamue.

Kila neno katika aya ile lilikuwa na kitu cha kweli nyuma yake, na bado aya nzima ilikuwa ya uongo. Msaili mwenye uzoefu angeivua nguo kwa maswali mawili tu. Lakini kilichonisikitisha zaidi ni kwamba mwalimu huyu alikuwa na mradi halisi, mzuri kabisa, ambao hakuutaja popote. Tutaufikia.

Kipindi si mradi

Taasisi ya PMI, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969 na ambayo vyeti vyake vinatambulika sana katika fani hii, huueleza mradi kuwa ni juhudi za muda zinazofanywa ili kuleta bidhaa, huduma au matokeo ya kipekee. Maneno mawili ndiyo yenye uzito hapo: za muda, na ya kipekee. Mradi una mwanzo na una mwisho, na unaacha kitu ambacho hakikuwepo.

Kufundisha hakuko hivyo. Kidato kinaondoka, kingine kinaingia, mada zinarudi zilezile. Wenye fani huita kazi ya namna hii shughuli za kawaida za uendeshaji, na hawasemi hivyo kwa dharau. Hospitali, benki na kiwanda vyote vinaishi kwa shughuli za namna hiyo. Ila mtu anayesoma maombi ya kazi ya miradi anaijua tofauti, na mwombaji akiandika kwamba kila kipindi kilikuwa mradi, msomaji anajifunza jambo moja tu: huyu hajui mradi ni nini.

Ndani ya ualimu, hata hivyo, mna miradi ya kweli iliyojificha. Shule inapoanzisha maktaba, inapobadili mtaala wa somo, inapoandaa maonyesho ya sayansi, inapohamisha kumbukumbu kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta, kuna mtu aliyebebeshwa kazi hiyo. Mara nyingi ni mwalimu, na mara nyingi hakupunguziwa hata kipindi kimoja.

Ili kuitambua, huwa nawauliza watu maswali matatu. Kazi hiyo ilikuwa na siku ya kuisha, na baada ya siku hiyo hukuifanya tena? Iliacha kitu ambacho mtu anaweza kukionyesha kwa kidole? Na je, ilikuhitaji kupata kazi kutoka kwa watu ambao hawakulazimika kukutii? Swali la tatu ndilo zito. Meneja wa mradi, hasa anayeanza, kwa kawaida hana mamlaka juu ya watu anaowategemea. Mhandisi ana mkuu wake, mhasibu ana wake, naye anatakiwa awafanye watoe kazi kwa tarehe fulani bila kuwa na uwezo wa kuwapandisha wala kuwashusha. Mwalimu mbele ya wanafunzi hayuko katika hali hiyo hata kidogo. Ana kengele, ana mahudhurio, ana alama, ana umri. Ndiyo maana "niliongoza wanafunzi 200" haimwambii mwajiri wa miradi chochote, ilhali "niliwafanya walimu wenzangu 30 wabadili namna ya kuandika alama" inamfanya asimame kidogo na kusoma tena.

Kinachohama na kisichohama

Kabla ya kurudi kwa mwalimu wa kemia, nitenge kinachohama kweli na kisichohama, kwa sababu uaminifu wa muhtasari unaanzia hapo.

Cha kwanza kinachohama ni kupanga kwa kurudi nyuma kutoka tarehe isiyosogea. Siku ya mtihani wa taifa haimsubiri mwalimu. Anaanza na siku hiyo, anahesabu wiki kuelekea nyuma, anatoa sikukuu na wiki za majaribio, kisha anapanga mada kwa mpangilio ambao hii haiwezi kuja kabla ya ile: huwezi kufundisha ukokotoaji wa moli kwa watu ambao hawajashika milinganyo ya kemia. Katika fani ya miradi hilo huitwa utegemezi wa kazi, na ndiyo roho ya kutengeneza ratiba. Aliyeandika maazimio ya kazi kwa miaka kadhaa, akayarekebisha katikati ya muhula baada ya kupoteza wiki mbili, ana ujuzi huu mikononi. Bado hajawahi kuutumia kwenye programu za ratiba, wala kwa kazi za watu wengine, lakini fikra ni ileile.

Kuna kingine ambacho huwa sikioni kwenye wasifu wa walimu, nami naamini ndicho bora kuliko vyote. Mwalimu yeyote aliyekomaa anajua kwamba swali "Mmeelewa?" halina thamani. Darasa zima litaitika "Ndiyo, mwalimu!" na kesho yake zoezi litaonyesha waliofahamu ni saba. Basi anaacha kuuliza hivyo, na anaanza kudai ushahidi: mwite mmoja ubaoni, toa swali fupi la dakika tano, pita kati ya madawati uangalie madaftari. Sasa nenda kwenye mkutano wowote wa mradi. Utasikia kazi fulani "imekamilika kwa asilimia 90", wiki ijayo bado asilimia 90, na baada ya mwezi bado asilimia 90. Mratibu mchanga anaandika 90 kwenye ripoti. Aliyewahi kuwa mwalimu, kama anajua thamani ya alichonacho, anauliza: nionyeshe kilichokwisha. Nani amekikagua? Kimebaki nini, kwa majina?

Visivyohama ni vichache lakini ni vizito. Fedha ni cha kwanza. Mwalimu wa kawaida hakisii gharama, hafuatilii matumizi dhidi ya makadirio, hajui uchungu wa kuona robo tatu ya pesa imekwenda na nusu ya kazi imefanyika. Mikataba na wazabuni ni cha pili: kuandika mahitaji ambayo mzabuni hawezi kuyapindisha, kukataa kupokea kazi mbovu, kujua malipo yanafungwa na nini. Cha tatu ni lugha na mazoea ya fani husika. Mratibu wa mradi wa ujenzi na mratibu wa mradi wa programu za kompyuta wanaishi dunia mbili, na ualimu haukupi hata moja.

Na kuna kimoja kinachogeuka kabisa kinapohama, hivyo mtu ajihadhari nacho. Darasani, mwalimu akiona mwanafunzi anakwama, anaingia na kumsaidia. Ndiyo kazi yake. Kwenye mradi, mratibu anayeingia kumfanyia kazi kila aliyekwama atalala ofisini, na mradi utachelewa vilevile, maana hakuna anayeangalia picha nzima. Nilifanya kosa hilo mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa nikiandika upya ripoti za watu usiku, nikidhani nasaidia, mpaka bosi wangu akaniuliza kwa upole: kama wewe unaandika ripoti zao, nani anaangalia tarehe zetu?

Mradi uliokuwa umefichwa

Sasa turudi kwa mwalimu wetu. Baada ya kuifuta rasimu ya kwanza, aliandika ya pili, akaanguka upande wa pili:

"Mimi ni mwalimu wa kemia kwa miaka 9. Sina uzoefu rasmi wa usimamizi wa miradi, lakini nina hamu kubwa ya kujifunza na naamini ujuzi wangu wa ualimu unaweza kusaidia. Naomba nafasi ya kuonyesha uwezo wangu."

Watu husifu aya kama hii kwa unyenyekevu. Mimi naiona nayo si ya kweli. Imeacha jambo kubwa nje, na imemwachia msomaji kazi ya kukisia "ujuzi wangu wa ualimu" ni upi. Mchujaji mwenye maombi mengi mezani hatakisia.

Nikamuuliza kama katika miaka hiyo 9 aliwahi kupewa kazi isiyo ya kufundisha. Akafikiri, akasema: "Labda ile ya alama." Shule yao ilikuwa ikiweka alama zote kwenye madaftari makubwa. Kila mwisho wa muhula walimu walikesha wakikokotoa wastani kwa mkono, na ripoti za wazazi zilitoka na makosa. Mkuu wa shule alimkabidhi yeye kazi ya kuhamishia alama zote kwenye lahajedwali la kompyuta, ili ripoti za mwisho wa muhula zitoke humo. Alikuwa na wiki 14. Walimu waliohusika walikuwa 32, na hakuwa mkuu wa yeyote kati yao.

Mpango wake, aliouchora kwenye karatasi moja, ulikuwa hivi. Wiki 2 za kwanza ni kukubaliana na wakuu wa idara juu ya muundo wa jedwali. Wiki ya 3 na ya 4, kulitengeneza na kulijaribu kwa idara moja tu. Kuanzia wiki ya 5 hadi ya 9, idara zote zingeingiza alama. Wiki ya 10 ni uhakiki. Wiki ya 11 hadi ya 13 aliziacha wazi, na wiki ya 14 ripoti zitoke. Nilipomuuliza kwa nini aliacha wiki 3 tupu, alinijibu kama anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua: "Walimu huwa hawamalizi kwa tarehe unayowapa." Hakujua kwamba wenye fani huita hiyo akiba ya muda, na kwamba wengi wao huisahau.

Kisha mambo yakaharibika. Wiki ya 8, mwalimu mmoja aliona mwanafunzi anayemjua kuwa hodari ana wastani wa 41. Walipochimba, wakakuta idara mbili zimekuwa zikiandika alama juu ya 50, wakati nyingine zote zinaandika juu ya 100. Lahajedwali lilikuwa likizichanganya bila kulalamika. Akasimamisha uingizaji kwa siku chache, akaitisha kikao cha wakuu wa idara, wakakubaliana kwamba kila alama igeuzwe kuwa juu ya 100 kabla ya kuingizwa, na idara zile mbili zikarudia kazi. Uingizaji ukaisha wiki ya 11 badala ya wiki ya 9. Uhakiki ukaangukia wiki ya 12. Ile akiba ya wiki 3 ikabaki moja, na ripoti zikatoka wiki ya 14 kama zilivyopangwa.

Nikamuuliza swali moja zaidi, ambalo humuuliza kila mtu: katikati ya kazi, kuna aliyeomba kitu kiongezwe? Akasema ndiyo. Wiki ya 6 mkuu wa shule alitaka mahudhurio nayo yaingizwe humohumo. Akafanya hesabu, akarudi kwake na kumwambia kwamba hilo lingehitaji wiki 2 za ziada, hivyo ama ripoti zichelewe ama mahudhurio yasubiri muhula ujao. Mkuu akachagua yasubiri.

Nilikaa kimya kidogo niliposikia hayo. Kuna watu wenye cheo cha meneja wa mradi kwa miaka mingi ambao wakiambiwa "ongeza na hiki" husema sawa, kisha huchelewa, kisha hulaumiwa. Huyu alipima athari ya mabadiliko, akampelekea mwenye uamuzi chaguo mbili zilizo wazi, akamwachia aamue. Hiyo ndiyo inayoitwa udhibiti wa mabadiliko, na yeye alikuwa ameandika "mahiri katika mawasiliano".

Kuchagua vitenzi

Uongo mwingi wa kwenye wasifu hukaa kwenye vitenzi, si kwenye nambari. Nilishiriki, nilisaidia, niliratibu, niliongoza, nilisimamia: hivi havibadilishani. Kipimo ninachotumia ni kuuliza, jambo lilipoharibika, nani aliitwa kueleza? Na nani aliyekuwa na uwezo wa kusema "simamisheni"?

Kwa mwalimu wetu, kengele ilipolia wiki ya 8 aliulizwa yeye, na yeye ndiye aliyesimamisha uingizaji. Kwa hiyo "nilishiriki" lingekuwa kujinyima. Lakini kubadili tarehe ya mwisho au kuongeza kazi ulikuwa uamuzi wa mkuu wa shule, na walimu hawakuwa chini yake. "Nilisimamia walimu 32" lingekuwa kujipaka rangi. Tulikubaliana juu ya "niliratibu", na tukaongeza maneno ambayo wengi wangeyaficha: kwamba hakuwa kiongozi wao. Kwa msomaji wa kawaida hayo yanaonekana kama kasoro. Kwa anayejua kazi ya miradi, ndiyo sehemu ya thamani zaidi katika sentensi nzima.

Vivyo hivyo kuhusu neno "kwa wakati". Uingizaji ulichelewa wiki 2; ripoti hazikuchelewa. Kuandika "mradi ulikamilika kwa wakati katika hatua zote" ni uongo. Kuandika "ripoti zilitoka kwa tarehe iliyopangwa" ni kweli, na habari ya wiki 2 inasubiri kwenye usaili, ambako itasikika vizuri kwa sababu ina sababu yake na tiba yake.

Vyeti na hesabu ya miezi

Swali la cheti lilikuja lenyewe. Alikuwa ameshauriwa aandike kwamba anajiandaa kwa PMP, cheti cha PMI kwa mameneja wa miradi, kwa kuwa jina lake linajulikana. Cheti hicho hakiko wazi kwa kila mtu. Mwenye shahada ya kwanza anatakiwa awe na miezi 36 ya kuongoza miradi, pamoja na saa 35 za mafunzo. Miezi inayopishana huhesabiwa mara moja tu. Ukiwa na miradi miwili mwezi mmoja, ni mwezi mmoja.

Tukapiga hesabu yake. Kazi ya alama ilichukua wiki 14, yaani miezi mitatu na ushee. Aliwahi kuratibu maonyesho ya sayansi mara tatu, kila mara kama miezi 2, na hayakupishana na kazi ile. Jumla ni miezi 9 na kidogo. Miaka 9 ya ualimu imetoa miezi 9 ya miradi. Aliisoma nambari hiyo mara mbili. Mimi nadhani ndiyo nambari muhimu kuliko zote katika kuhama kwake, kwa sababu inamwambia hasa aombe nafasi gani. Si ya meneja wa mradi. Ni ya mratibu msaidizi, au ya ofisa katika ofisi inayohudumia miradi mingi kwa ratiba na ripoti. Na cheti kinachomfaa kwa sasa ni CAPM cha PMI hao hao, ambacho kinadai elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo, bila uzoefu wa miradi.

Angalizo dogo: "nasomea CAPM" iandikwe tu kama umeanza mafunzo, na uwe tayari kutaja umefika wapi. "Ninatarajia kusomea" haina kazi kwenye muhtasari.

Aya yenyewe

Baada ya jioni mbili za kufuta na kuandika, ilisimama hivi:

"Mwalimu wa kemia kwa miaka 9, ninayehamia uratibu wa miradi. Niliratibu kazi ya wiki 14 ya kuhamishia alama za shule nzima kwenye lahajedwali, nikitegemea walimu 32 ambao sikuwa kiongozi wao; ripoti za muhula zilitoka kwa tarehe iliyopangwa, na ombi la kuongeza kazi katikati nililipima na kulipeleka kwa mkuu wa shule kwa uamuzi. Nimezoea kupanga kurudi nyuma kutoka tarehe isiyosogea na kupima maendeleo kwa kazi iliyokaguliwa. Nasomea CAPM. Natafuta nafasi ya mratibu msaidizi wa miradi."

Tazama kisichokuwemo. Hakuna "uongozi", hakuna "mawasiliano", hakuna "kufanya kazi chini ya shinikizo". Maneno hayo hayakukatazwa; yalikosa cha kufanya baada ya kazi yenyewe kuelezwa. Neno "mwalimu" limekuja la kwanza, halikufichwa, kwa sababu msomaji ataliona tu mistari miwili chini, na akiliona huko atajiuliza kwa nini lilifichwa.

Tulibishana juu ya bajeti. Yeye alitaka kuandika waziwazi kwamba hajawahi kushika bajeti ya mradi, ili awe mwaminifu kabisa. Mimi nilikataa. Muhtasari si mahali pa kuorodhesha kila usichonacho, na kunyamaza si uongo ilimradi hukuandika chochote kinachomfanya msomaji adhani unacho. Nafasi anayoomba na cheti anachosomea vinamwonyesha msomaji alipo. Nikaweka sharti moja: tangazo likitaja fedha kama sehemu ya kazi, pengo hilo liende kwenye barua ya maombi, kwa sentensi moja, pamoja na anachokifanya kuliziba. Na kwenye usaili, akiulizwa, jibu lianze na "sijawahi", halafu ndipo yafuate mengine. Wengi huanza na "mengine" na kuzunguka, na msaili hubaki akisubiri neno ambalo halisemwi.

Aya hii pia haibaki hivyo kwa kila tangazo. Kazi inayohusu kuhamisha watu kwenye mfumo mpya itaishika vizuri kama ilivyo. Kazi ya kuandaa matukio ingetaka maonyesho ya sayansi yachukue nafasi ya alama: mangapi, yaliandaliwa kwa muda gani, wageni walitoka wapi, nini kilikwama. Mwenye miradi miwili mitatu ya kweli anachagua mmoja unaofanana na kazi inayoombwa na kuueleza vizuri. Hapangi yote mitatu kwa nusu sentensi kila mmoja.

Mwisho nilimwambia ampe aya hiyo mkuu wa idara mmoja kati ya wale ambao idara zao zilirudia kazi wiki ya 9. Mtu huyo alikuwepo na hana sababu ya kumpendelea. Aliisoma, akasema sawa, ila akataka jambo moja lirekebishwe: walimu walikuwa 31, kwa sababu mmoja alihama shule wiki ya 4. Akaandika 31.